Saa Nane Kwenye Chati

Kisa hiki kisomwe kwa sauti katika kikao cha wauguzi na wakunga, kabla ya mazungumzo. Watu wake ni wa kubuni. Wodi kama hii mnaijua.

Hamida aliingia zamu saa 8 mchana, wodi ya wazazi, katika hospitali moja ya Pemba. Alitakiwa atoke saa 2 usiku. Mwenzake wa usiku alikuwa Unguja, na kusi la Julai lilikuwa limeuchafua mkondo. Boti haikuondoka Malindi. Inchaji akampigia simu: "Hamida mwanangu, nisitiri, nishikie mpaka asubuhi." Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemuuliza kama ataweza. Akakubali, kama tunavyokubali sote, maana wazazi na vichanga hawaachwi peke yao.

Ilipofika saa 10 usiku alikuwa macho tangu alfajiri ya jana yake. Alikuwa amekula maandazi mawili na chai ya rangi. Saa hizo za kuelekea alfajiri ndizo mwili unapokuwa chini kabisa, hata kwa mtu aliyelala mchana kutwa. Hamida hakuwa amelala. Ila alikuwa anatembea, anajibu, anabadilisha dripu, na mtu anayetembea na kujibu huonekana mzima.

Saa 10 na nusu akaletewa Mize, mzazi wa mimba ya kwanza kutoka Konde. Jioni alikuwa ameanguka kifafa cha mimba, akapasuliwa saa 3 usiku, mtoto salama. Waliomleta walikuwa na mwengine wa kumkimbilia. Wakamkabidhi mlangoni, kwa mdomo: "Mize, kifafa, yumo kwenye magneziamu, chati hiyo hapo." Wakaondoka.

Kwenye chati palikuwa na mistari mitatu ya magneziamu salfeti. 6:00, dozi ya kuanzia. 10:00, gramu 5. Hizo kwa wino wa buluu. Chini yake, kwa wino mweusi na mkono mwengine: 8:00, gramu 5.

Mkunga wa kwanza aliandika saa kama simu yake inavyoonesha: saa 6 na saa 10 za kizungu, yaani saa 12 jioni na saa 4 usiku. Wa pili aliandika kama tunavyosema nyumbani: saa 8 usiku. Kila mmoja aliandika kweli. Dozi hufuatana kila baada ya saa nne, kwa hiyo iliyofuata ilikuwa ya saa 12 asubuhi.

Hamida aliitazama chati, ikiwa saa 11 kasorobo. Akaona 8:00 na macho yake yakaisoma saa 2 usiku. Aliyepumzika angeshtuka: vipi nane ije chini ya kumi? Yeye akaipita. Akaishika 10:00 kuwa ndiyo ya mwisho, akahesabu, akapata kwamba dozi imechelewa karibu saa tatu. Hofu ikamwingia ya mgonjwa kuanguka tena mikononi mwake, na ile hofu ikampa haraka. Hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo. Hamida hakuwa mzembe. Alikuwa anakimbilia kumwokoa Mize.

Akavunja chupa ya 10 ml ya asilimia 50, gramu 5 kamili, akachanganya na lignokeini 1 ml ya asilimia 2 ndani ya bomba lile lile. Utaratibu wa wodi ni kuwa dawa hii isomwe na watu wawili. Mtu wa pili alikuwepo: Zuwena, mwanafunzi wa ukunga, amesinzia kitini kichwa ukutani. Hamida akamtazama, akamwonea huruma, akamwacha alale.

Akafika kitandani. Mize alikuwa mzito, anaitika kwa shida. "Usingizi wa operesheni," Hamida akajiambia. Akamgeuza ubavu.

Bibi aliyekuwa chini ya kitanda, juu ya mkeka, mama mkwe wa Mize, akainuka. "Sista mwanangu, hii si ndo ile ya matakoni? Si kashachomwa kule? Saa nane hii. Kapiga ukelele, mie niko mlangoni namsikia."

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni kwa Hamida: bibi, niache nifanye kazi. Ulimi ulikuwa mzito, na katika ule uzito akalisikia neno "saa nane". Akarudisha macho kwenye chati. Nane. Wino mweusi. Saa nane.

Akaliweka bomba kwenye trei, mbali na kitanda. Akaita, "Zuwena! Amka mdogo wangu, njoo unisomee. Mimi sioni vizuri."

Zuwena akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha wakafanya pamoja yale ambayo yangepaswa kutangulia hata kabla ya kuvunja chupa. Pumzi, dakika nzima kwa saa ya ukutani: 14, na kiwango ni zisipungue 16. Goti, kwa ukingo wa kiganja kwa kuwa nyundo haikuwepo: kulia kimya, kushoto kimya. Mfuko wa mkojo ulimwagwa saa 7 usiku. Ndani mlikuwa na 40 ml, na kiwango ni zisipungue 30 kwa kila saa.

Magneziamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua, dawa hubaki, hujikusanya, hulegeza misuli. Goti hunyamaza kwanza. Baadaye pumzi. Maana yake ni kwamba hata ile dozi ya saa 12, ya wakati wake hasa, Mize hakufaa kupewa.

Hamida akampigia daktari wa zamu: "Kifafa cha mimba, dozi ya mwisho saa nane usiku, pumzi kumi na nne, magoti hayajibu, mkojo mchache. Nimezuia dozi. Naomba uje sasa hivi." Wakampa oksijeni na kuweka kando ya kitanda kalisiamu glukoneti, gramu 1, tayari kama pumzi zingeshuka zaidi. Haikuhitajika. Saa 3 asubuhi Mize alikuwa anapumua mara 18, goti linaruka, anauliza mtoto kafanana na nani.

Hamida angeweza kunyamaza. Bomba lilitupwa, hakuna aliyedhurika. Aliandika ukurasa mzima, pamoja na huruma yake kwa Zuwena na jibu alilotaka kumpa bibi, akampelekea metroni. Metroni aliusoma mara mbili. Akamwambia aiache vespa pale pale, akamtafutia gari ya kumfikisha Wete. Mchana wake akaita wodi zote tatu. Tangu siku hiyo saa huandikwa kwa tarakimu nne, 02:00 au 22:00. Mgonjwa wa magneziamu hukabidhiwa kitandani kwake, anayepokea akisoma chati kwa sauti. Na anayeunganisha zamu hachomi dawa hiyo peke yake, hata akiwa mkongwe.

Kwa mazungumzo. Nani katika kisa hiki alikuwa na nafasi ya kulizuia kosa kabla ya bibi kusema, na kila mmoja alikosa nini? Bibi asingekuwepo, wodi yako ingebaki na kinga gani? Inchaji alipopiga simu jioni ile, Hamida angemjibu nini, na wewe ungekuwa inchaji ungemuuliza nini kwanza? Kabla hamjaondoka, chukueni chati tatu za wodi yenu za usiku wa jana mzisome saa zake kwa sauti.