Vitumbua Vitano

Kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti
wewe ushakohoa.
Mara mbili: ya kwanza ya kifua,
ya pili ya kunijulisha kuwa u macho,
utadhani kitanda hiki cha mninga,
kinacholia ukigeuza hata kidole,
hakijanipa habari.

"Umeamka?"
"Nimeamka."

Zamani nilikuwa nakuamkia shikamoo,
bi harusi mwenye hina mpaka viwikoni,
nawe ukiitikia marahaba kwa sauti ya babu yako.
Sijui tuliiachia wapi.
Nadhani ni mwaka ule wa mapacha,
usiku hauna mwisho, asubuhi haina mwanzo,
tukawa tunaamkiana kwa kupokezana watoto.

Halafu chandarua.
Wewe upande wa dirisha, mie upande wa mlango,
tunakichomoa chini ya godoro,
tunakikusanya, tunakisokota.
Miaka 38
wewe wasokotea kwako, mie nasokotea kwangu,
na chenyewe kati yetu kimevimba
kama bunju aliyevuliwa.
Lazima mmoja aachie.
Jana niliachia mie.
Leo umeachia wewe, huku ukijifanya
unatafuta miwani
iliyo juu ya kipaji chako.

Naisikia kata ikigonga pipa,
maji ya udhu, mara tatu, mara tatu,
kisha kandambili zako zikielekea msikitini,
ya kulia yasema pa,
ya kushoto, ile uliyoitia waya,
yasema kwaru.
Pa, kwaru. Pa, kwaru.
Nimekununulia mpya Idi iliyopita.
Zimo kabatini, ndani ya mfuko wao,
"zinasubiri safari."
Safari ya wapi, baba watoto,
wewe ambaye Korogwe tu waiona mbali?

Naswali. Nafagia uwanja kwa chelewa,
majani ya mwarobaini na mavi ya kuku wa jirani
(kuku ambao, nikisema, naambiwa nina maneno).
Mkaa una unyevu, unafuka, unanitoa machozi ya bure.
Natwanga tangawizi.
Unarudi, unatoa baiskeli ukumbini,
unaipapasa tandiko kama punda,
unashika Barabara ya 12 hadi kwa bibi wa vitumbua,
na shilingi 1,200 nilizokuhesabia kiganjani.

Tangu zahanati wakutajie sukari yako,
chai yako naitia nusu kijiko.
Lakini nakoroga sana.
Nakoroga mpaka kikombe kinalia nyumba nzima,
uisikie sukari kwa masikio.
Nawe hunywa funda la kwanza, hufumba macho,
"Leo tamu."
Mwongo we.
Twaongopeana hivyo kila asubuhi,
na hakuna aliyewahi kumshitaki mwenziwe.

Mwaka juzi ulikwenda Dar kupasuliwa jicho.
Siku tatu.
Nilisema afadhali, nitalala katikati ya kitanda.
Nililala pembeni.
Alfajiri nikasimama na chandarua peke yangu,
hakuna wa kuvutana naye,
nikakisokota.
Kilipofika juu ya kamba ndipo nikaona
nimekisokotea kwako.
Sikukwambia. Ungekichukulia ushindi.

Redio inasoma matangazo ya vifo.
Tunanyamaza wote wawili, vikombe mkononi,
kama wanafunzi siku ya majibu ya mtihani.
Fulani wa Pangani. Fulani wa Muheza, mazishi saa kumi.
Yule wa Muheza, si ndiye aliyekuwa na gari la mkonge?
Si yeye, ni kaka yake.
Aa.
Yanakwisha, wapigwa muziki.
"Leo hatumo," wasema.
"Hatumo," nasema,
nakusogezea dawa ya presha na glasi ya maji.

Sasa fungua hilo gazeti lenye mafuta.
"Vingapi?"
"Sita, kama ulivyoagiza."
Moja, mbili, tatu, nne,
tano.
Nainua gazeti, natazama chini yake.
Nakutazama wewe.
Kidole gumba kinang'aa,
na kwenye ndevu zako nyeupe
imekaa chembe moja ya kitumbua,
imetulia kama imepanga chumba.

"Bibi wa vitumbua macho yake yamechoka," wasema,
"siku hizi hahesabu vizuri."
"Masikini," nasema.

Naweka vitatu kwangu, viwili kwako.
Unavitazama.
Unamimina chai kwenye kisahani,
unapuliza.