Rekodi ya kuwekewa damu, kitanda 12, wodi ya wanawake, usiku wa 12 Juni 2024

Faili 4471, mama wa miaka 36, mkaazi wa Kayole. Damu kundi O pozitivu, yuniti namba 240611-0387, seli nyekundu mililita 280, inaekspaya 9 Julai.

Sababu ya kuwekewa: anatoka damu nyingi ya mwezi siku ya 11 sasa kwa sababu ya fibroidi, hemoglobini ya leo jioni ni 5.4, na si namba tu, akitoka kitandani kwenda choo anasimama mara mbili njiani kushika ukuta, moyo unadunda na anahema. Daktari ameandika yuniti 2, moja kwanza halafu tumwangalie kabla ya ya pili.

Idhini: daktari ameongea naye saa 20:30 mimi nikiwa hapo, kwa Kiswahili. Ameelezwa faida, ameelezwa anaweza kupata homa, kuwashwa au shida kubwa zaidi ingawa hiyo ni nadra, na kwamba kuna vidonge na dripu za aini ila haziwezi kupandisha damu haraka vile anahitaji saa hii. Ameuliza kama damu imepimwa ukimwi, akaambiwa imepimwa ukimwi, hepatitisi B na C na kaswende. Alitaka kwanza kupigia bwanake, tukangoja, amepiga, halafu amesaini mwenyewe. Bwana hakusaini popote, mama ana akili zake timamu.

Kukagua: damu imetoka maabara 21:50. Mimi na sista mwenzangu tumesoma kando ya kitanda, kila mtu kivyake, jina amelitaja yeye mwenyewe, bendi ya mkono, fomu na lebo ya mfuko, vyote sawa. Mfuko hauvuji, hauna mabonge.

22:05 kabla ya kuanza: joto 36.7, palsi 112, prisha 98/60, kupumua 22, oksijeni 95%.
22:10 imeanza polepole, nimekaa naye.
22:25 joto 36.9, palsi 108, prisha 100/62, kupumua 20. Hana neno. Nimeongeza mwendo.
22:40 joto 37.0, palsi 106. Prisha HAIKUPIMWA, mashine ilikuwa kitanda 3 kwa mgonjwa aliyezimia, naandika hivyo kuliko kubuni.

23:10 aliyeniita ni mama wa kitanda 13: "Sista, huyu anatetemeka kitanda chote kinatingika." Nimemkuta amejifunika shuka mbili na leso, meno yanagongana. Anasema baridi ilianza kama dakika kumi hivi lakini alidhani ni dirisha, hakutaka kunisumbua. Joto ~~38.9~~ 38.4 (nilikosea kuandika, nimekata mstari mmoja na kusaini), palsi 128, prisha 104/64, kupumua 24, oksijeni 95%. Joto limepanda digrii 1.7 kutoka alipoanzia. Hana maumivu ya mgongo wala kifua, hana upele, hakoromi kifuani, mahali pa kanula hapaumi.

23:12 nimesimamisha damu. Seti nzima nimetoa, kanula imebaki, salaini imewekwa kwa seti mpya. Iliyoingia ni kama mililita 110. Tumesoma upya bendi, mfuko na fomu, bado vinalingana. Daktari amepigiwa 23:14, amefika 23:25.

Daktari ameandika "riaksheni inayoshukiwa, pengine ya homa tu, lakini kuvunjika kwa damu na bakteria havijaondolewa". Naomba mtu asifupishe hiyo asubuhi aseme ilikuwa homa tu. Paracetamoli gramu 1 ya kumeza imepewa 23:30. Damu imetolewa mkono wa pili: vichupa vya kurudia kundi na krosmachi, kipimo cha Kumbsi, na kalcha. Mkojo wa kwanza ni njano, si mwekundu, umeenda pia. Mfuko na seti yake vimefungwa, vimepelekwa maabara 23:50 na fomu ya riaksheni, kopi iko kwa faili.

23:45 joto 38.1, palsi 118, prisha 106/66. Kutetemeka kumeisha.
00:00 joto 37.9, palsi 114, prisha 106/64.
00:30 joto 37.5, palsi 108, prisha 104/64, ameomba chai.

00:50 maabara wamepiga: kundi ni lile lile, plazma si nyekundu, Kumbsi negativu. Kalcha bado. Nimesoma majibu kwa sauti wakathibitisha.

Yuniti hii isirudishwe kwa mgonjwa hata kama kalcha itatoka safi. Ya pili isianze mpaka daktari aone, na ikianza ni kwa krosmachi ya sampuli ya saa 23:35, si ile ya kwanza. Mama ameelezwa kilichotokea, ameuliza kama atawekewa tena, nimemwambia daktari atamjibu kwa raundi. Ameambiwa pia akihisi baridi tena aite papo hapo, hata kama anaona nimekaa na mgonjwa mwingine.

Nesi wa zamu ya usiku, imesainiwa 01:05. Kitabu cha zamu pia kimeandikwa.