Mguu wa Kigoda

Nusu saa kabla ya mchezo, mwalimu wa kujitolea alipita nyuma ya pazia la kanga akimpa kila mtoto mkono. Alikuwa Mwingereza, na muhula mzima ndiye aliyewafundisha kuigiza. Alipomfikia Shomari aliinama, akamwambia kwa lugha yake, "Breki e legi, Shomari!" Kisha akakimbilia nje kupokea wazazi.

Shomari, wa darasa la tano, maneno hayo aliyajua yote. Vunja. Mguu. Mwalimu hakusema wa nani.

Akawatazama wenzake. Mwanahamisi, ambaye ndiye Jumbe, alikuwa akibandikwa ndevu za sufi kwa uji wa ngano, na uji ukichelewa kukauka ndevu huteremka, kwa hiyo hakuthubutu hata kucheka. Wengine walikuwa wakijifunga misuli. Hakuna aliyejishughulisha na mguu wowote. Basi kazi ni yangu, akawaza. Mguu wake mwenyewe haukufaa: yeye ni tarishi, anatakiwa aingie mbio kutoka pwani. Miguu ya madawati yaliyobeba jukwaa ilikuwa ya chuma. Kilichobaki ni kigoda cha Jumbe, cha mninga, alichokiazima kwa Babu.

Babu ni fundi seremala huko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na Shomari hushinda karakanani kwake kila Jumamosi. Mtoto mwingine angekipiga kigoda teke. Yeye alikigeuza miguu juu, akatafuta kijiti kilichopita katikati ya tundu na ulimi, maana kazi za Babu hazina msumari wala gundi. Kijiti cha namna hiyo kina ncha nene na ncha nyembamba, na hutolewa kwa kupigwa upande ule mwembamba. Ukikosea upande kinazidi kukaza, na mbao inapasuka. Akaegemeza msumari butu, akagonga kwa nyundo ya mti ya mpiga ngoma. Kijiti kikatoka. Akagonga mguu taratibu, mara huku mara huku, hadi ulimi ukachomoka mzima.

Akakisimamisha kigoda. Kikasimama! Vigoda vya miguu mitatu vipo, akajiambia, na havichezi hata kwenye sakafu mbovu.

Ni kweli vipo, lakini miguu yake imegawana duara sawasawa. Hiki kilikuwa cha miguu minne, kikaachwa na pembe moja tupu, na uzito wa anayekikalia ukaangukia kwenye mstari wa miguu miwili inayotazamana kimshazari. Akiegemea kidogo tu upande wa pembe tupu, amekwenda. Shomari aliligundua hilo alipokibonyeza kwa kiganja, na wakati huohuo ngoma ikalia. Kupachika mguu kwahitaji muda kuliko kuutoa. Mwanahamisi alikuwa keshanyanyua kanzu ili apande.

Pazia lilipofunguliwa, wazazi walimwona Jumbe amekaa kwa heshima zake, tayari kusikiliza kesi ya waliokata mikoko. Hawakumwona Shomari, aliyejikunja nyuma ya kanzu, bega lake likiwa mahali pa mguu. Washtakiwa walijitetea kwa kirefu. Jumbe, kila alipokasirika, aliegemea upande uleule wa bega. Hatimaye ikafika zamu ya tarishi. Jukwaa likanyamaza. Mwanahamisi akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Jumbe!" ikapaa sauti kutoka chini yake. "Maji yamejaa, kingo inaliwa!"

Mwanahamisi alishtuka, ndevu zikashuka hadi kidevuni, lakini hakupoteza maneno yake. "Tarishi, umetoka wapi?"

"Nimetoka pwani."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama mmoja wa mbele akapiga kigelegele, na mpiga ngoma, akidhani ndiyo ishara yake, akaanza wimbo wa mwisho kabla ya hukumu. Mwanahamisi aliitoa hukumu huku wimbo unaendelea, kwa sauti ya kuwashinda wote.

Mchezo ulipokwisha, Babu alipanda jukwaani, akakigeuza kigoda, akapitisha kidole ndani ya tundu.

"Uliupiga kwa nyundo gani?"

"Ya mti, Babu."

"Kijiti?"

Shomari akakitoa mfukoni. Machozi yalikuwa karibu. "Mwalimu ndiye aliyeniambia nivunje mguu."

Mwalimu akajishika kichwa. Kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno akaeleza kwamba waigizaji wa kwao huogopa kutakiana heri waziwazi kabla ya mchezo, wakaona salama kutakiana shari. "Samahani sana, Babu. Samahani, Shomari. Nilitaka ufanye vizuri."

Babu hakujibu. Alipachika ulimi, akausukuma mpaka ukagota, akachomeka kijiti kwa ncha nyembamba na kukigonga mara tatu. Kisha akamsogezea mwalimu kigoda.

"Keti, Mwalimu. Miguu ni minne."