Chumba cha Babu

Bibi alianguka usiku, mvua ya masika ikinyesha, hata mlango wa uani hajauacha mbali. Alikuwa anakwenda chooni, kandili mkononi. Mama alimkuta amekaa kwenye matope, kanga imemganda mwilini, mkono wa kushoto ameukumbatia. Kiwiko kilikuwa kimevunjika. Aliporudi hospitali na plasta, Baba alisema neno moja tu: "Choo kitaingia ndani."

Machungwa yalipouzwa, mwezi wa saba, akamwita fundi.

Nyumba yetu ya Muheza ni kama nyumba nyingi za huku: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Choo kilikuwa mwisho wa ua, kando ya mgomba, na tangu nyumba ijengwe hakuna aliyewahi kufikiria kingekaa pengine.

Mama ndiye aliyeanza. "Choo na chungu cha wali chini ya paa moja? Nani atakula humu?"

Fundi akachukua kiwiko cha bomba, akakitia maji kwenye pindo lake la chini kumwonyesha. "Haya maji yanabaki hapa siku zote, mama. Ndiyo mlango wa harufu. Na bomba la hewa litapanda mpaka juu ya bati." Mama alichungulia, akanyamaza, ila kwa muda tu.

Shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kumwuguza Bibi, akataka choo kiwe chumba cha mbele, ili wageni wasipite katikati ya nyumba. Fundi akapima kwa hatua. Shimo lazima liwe nyuma, upande wa mwembe, mbali na kisima cha jirani. Bomba la inchi nne likitoka mbele litapita chini ya korido mita tisa, nalo linataka lishuke kama sentimita mbili na nusu kila mita. "Nitachimba sakafu yote," alisema. "Na likiziba, mtaivunja tena."

Hapo Baba akasema alilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo. "Stoo. Iko mwisho wa korido, ukuta wake uko uani, na mlango unatazamana na wa mama yangu. Hatua tatu tu."

Bibi alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele kwa mkono mmoja. Akausukuma ungo.

"Ile si stoo."

"Mama, mna matenga na baiskeli mbovu."

"Baba yako alifia mle. Nilimshika kichwa mwenyewe mpaka alfajiri. Leo nikajisaidie pale pale?"

Shangazi akaanza kulia. Baba akapandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mama yake: "Na wewe ukivunjika nyonga je? Nikuzike kwa sababu ya baiskeli?" Akatoka, akaenda kukaa barazani. Fundi akafungasha vifaa vyake, akaaga kwa adabu.

Siku nne hawakusemezana. Mama alipakua vyakula viwili tofauti, mimi nikawa wa kupeleka. Usiku nilisikia Bibi akihangaika na kitasa cha mlango wa uani, na Baba akiamka kumfuata kwa tochi bila neno, akimsubiri chini ya mgomba huku mgongo ameugeuza.

Ijumaa, baada ya swala, Bibi aliniita nimsaidie kutoa matenga. Tulitoa yote. Baiskeli alisema ipelekwe kwa fundi, itiwe tairi. Akafagia mwenyewe, kwa mkono wake mmoja, akanikataza kumsaidia. Kisha akamwita Baba.

"Kitanda changu kihamie humu. Choo chenu kiwekeni kule kwangu."

Baba aliangalia chumba, akaangalia cha pili. Vyote viwili vilikuwa mwisho wa korido, kuta zao zote ziko uani. Hatua zilikuwa tatu zile zile. Hakujibu. Akainama, akaushika mkono wa Bibi ulio mzima, akaubusu.

Fundi aliporudi, akachora kwa chaki mahali pa kuweka sinki. Bibi akasimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Umenielekeza kibla, mwanangu." Akaomba chaki, akafuta kwa kisigino, akachora upya, aliyechuchumaa atazame mashariki. Fundi akaomba radhi, akahamisha bomba.

Usiku wa kwanza nilikuwa macho. Nilisikia mlango wa Bibi, hatua zake tatu polepole, kufuli ndogo, halafu maji yakimiminwa kwa kopo. Chumba cha pili kitanda kililia: Baba alikuwa ameshakaa kitako, tochi mkononi. Mlango wa Bibi ukafungwa tena.

Nikasikia tochi ikiwekwa chini, sakafuni.