Taarifa ya Tukio: Dawa Kupewa Mgonjwa Asiyeandikiwa

Kwa Kamati ya Usalama wa Wagonjwa

Wodi ya wanaume, 14 Machi 2025. Saa 2:10 usiku nilimchoma mgonjwa wa kitanda namba 7 seftriaksoni gramu 1 kwenye mshipa. Dawa iliandikwa kwenye faili la kitanda namba 9. Majina yao ya kwanza yanafanana. Sikusoma namba kwenye utepe wa mkononi kabla ya kuchoma. Saa 2:25, nikijaza chati, niliona namba hazilingani, nikamwita daktari wa zamu. Presha 118/74, mapigo 82, hakuna vipele, anapumua vizuri. Tulimpima kila dakika 15 hadi saa 4:30; hakukuwa na dalili mpya. Daktari alimweleza mgonjwa na mkewe. Mgonjwa wa namba 9 alichomwa dozi yake saa 2:50. Chupa tupu imehifadhiwa.

Muuguzi wa zamu ya usiku