Maelezo kwa Wakili: Mkataba wa Kununua Nyumba ya Kinyerezi

Tarehe: Jumatatu, 3 Machi 2025

YAH: OMBI LA KUPITIA RASIMU YA MKATABA WA MAUZIANO YA NYUMBA ILIYOPO KINYEREZI, DAR ES SALAAM

Shikamoo Wakili,

Kama tulivyoongea kwenye simu, nakutumia rasimu ya mkataba pamoja na nakala za nyaraka nilizopewa. Muuzaji anataka tusaini Jumamosi hii, tarehe 8. Nimemjibu kwamba sisaini kitu mpaka wewe useme. Bei ya shilingi milioni 95 tumekubaliana na sina neno nayo. Ninachohofia ni kulipa mtu asiye na mamlaka ya kuuza, au kulipa hela nyingi kabla haki haijahamia kwangu. Sehemu ya fedha hizo ni mkopo wa Saccos ya kazini, na makato yanaanza mwisho wa mwezi huu.

Nyumba imejengwa kwenye kiwanja kilichopimwa na chenye hati. Ina vyumba vitatu, na mbele kuna fremu mbili za biashara. Hati iko kwa jina la baba wa muuzaji, ambaye ni marehemu. Muuzaji ni mtoto wake mkubwa, na amenipa nakala ya barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi.

Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Kifungu cha 1 kinamtaja muuzaji kuwa "mmiliki halali wa nyumba". Kwa ninavyoelewa, msimamizi anasimamia mali kwa niaba ya warithi, na hata kwenye dirisha la ofisi ya ardhi niliambiwa kwamba kabla ya uhamisho lazima jina lake liingizwe kwanza kwenye daftari kama msimamizi. Nilipomuuliza kama amelifanya hilo, alisema litafanyika "sambamba". Naomba unieleze kama linaweza kwenda sambamba, au mkataba usubiri.

Tena, muhtasari wa kikao cha ukoo unaorodhesha warithi saba: mjane na watoto sita. Kiambatisho cha ridhaa kwenye mkataba kina sahihi nne tu. Jina la mjane halipo kabisa. Muuzaji anasema mama ni mtu mzima, yuko kijijini Korogwe, na ameridhia kwa mdomo. Lakini Jumamosi iliyopita nilikwenda kuiangalia nyumba na mke wangu, tukaingia kwenye fremu ya fundi cherehani kununua vifungo. Mke wangu akamuuliza kodi anampa nani. Akafungua droo, akatuonyesha daftari lenye tarehe na kiasi cha kila mwezi, na pembeni ya kila mstari kuna sahihi ya mama huyo. Mstari wa mwisho ni wa Februari. Kama mjane ndiye anayepokea kodi mpaka leo, sidhani kama anaihesabu nyumba hii kuwa imeuzwa. Mrithi wa mwisho naye, kwa mujibu wa muhtasari, ana miaka 15. Nani anaridhia kwa niaba yake, na ridhaa hiyo iwe ya namna gani ili akifikisha miaka 18 asije kunidai?

Kifungu cha 3, maelezo ya mali. Rasimu inasema Kiwanja Na. 214, hati inasema Na. 241. Inawezekana ni mkono wa mchapaji, ila namba hiyo ndiyo ninayoinunua. Rasimu inasema pia "takriban mita za mraba 600", wakati ramani iliyo kwenye hati inaonyesha 548. Jiwe la mpaka la kona ya nyuma hatukuliona, na ukuta wa jirani umepita karibu sana na pale lilipotakiwa kuwa. Nipo tayari kumlipa mpimaji aje kabla ya kusaini. Ningependa kipimo cha hati ndicho kiandikwe na neno "takriban" liondoke.

Kifungu cha 4, malipo. Shilingi milioni 57 zinalipwa siku ya kusaini, na milioni 38 zilizobaki "mara taratibu za uhamisho wa hati zitakapoanza". Zitakapoanza lini, na kwa hatua ipi? Mtu anaweza kuchukua fomu dirishani akasema zimeanza. Nataka salio lilipwe baada ya uhamisho kusajiliwa kwa jina langu na la mke wangu. Hata hiyo awamu ya kwanza naiona kubwa mno. Je, inawezekana fedha zikae kwenye akaunti ya wateja ya ofisi yako na kuachiwa kwa hatua? Muuzaji ameonyesha kutolipenda wazo hilo, lakini hakulikataa.

Kifungu cha 6 kimenikera kweli. Mimi nikichelewa siku 14, napoteza fedha zote nilizolipa na nyumba inabaki kwake. Yeye akishindwa, anarudisha "bila riba ndani ya muda muafaka". Mzani umelalia upande mmoja. Naomba muda wa kurejesha utajwe kwa siku, na fidia iwe sawa kwa pande zote mbili. Je, mahakama inaweza kukubali mtu apoteze milioni 57 kwa kuchelewa wiki mbili?

Kifungu cha 8 kinasema muuzaji "atakabidhi nyumba", bila tarehe na bila kutaja wapangaji wa fremu. Sina nia ya kuwafukuza, ila nataka ijulikane kodi inakuwa yangu kuanzia siku gani.

Kifungu cha 9 kinasema kodi na tozo zote zitalipwa "na wahusika kwa mujibu wa taratibu". Ninavyojua, kodi ya asilimia 10 ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu huwa wa mnunuzi. Kodi ya pango la ardhi je, kama kuna malimbikizo? Stakabadhi ya mwisho niliyoonyeshwa ni ya 2021. Tuyaandike yote kwa jina, maana bila uthibitisho wa TRA uhamisho hautapita.

Kifungu cha 10 kinanitaka nilipe asilimia 10 ya bei kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwa ajili ya kushuhudia. Hiyo ni milioni 9.5. Kwa sheria ipi? Mwenyekiti namheshimu na nitakwenda kujitambulisha kwake kama mkazi mpya, lakini ningependa mkataba ushuhudiwe na wewe na kifungu hiki kifutwe.

Kifungu cha 12 kinasema migogoro "itatatuliwa kifamilia". Mimi si wa familia yao. Nafikiri liwekwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ila nakuachia wewe.

Jambo ambalo halimo kabisa kwenye rasimu ni tamko kwamba nyumba haina rehani, zuio wala kesi. Muuzaji amenionyesha nakala tu ya hati. Halisi anasema "imehifadhiwa". Sijaelewa imehifadhiwa wapi, na kama ni benki, basi ni jambo jingine. Tafadhali anza na upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla ya kazi nyingine yoyote, maana majibu yake yakiwa mabaya hatuna haja ya kuhangaika na vifungu.

Nimeambatisha rasimu, nakala ya hati, barua ya uteuzi, muhtasari wa kikao na stakabadhi ya pango la ardhi. Ada ya upekuzi naituma leo. Naomba maoni yako ya awali kufikia Alhamisi jioni, hata kwa simu, ili Ijumaa nimwambie muuzaji kama tunasogeza tarehe. Mpaka hapo usiwasiliane naye wala na ndugu zake. Ukiona inafaa nimtafute mjane mwenyewe, niambie. Mke wangu yuko tayari kusafiri hadi Korogwe kuzungumza naye.

Mteja wako,
kwa niaba yangu na mke wangu