Mstari wa Kumi na Moja

Barua yenyewe ilikuwa karatasi moja ya daftari, imeandikwa pande zote mbili kwa wino wa buluu, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo ikaanza kukatika. Tarehe iko juu kulia: 14 Machi 1982. Miaka yote hiyo ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kadi za kliniki na risiti za korosho, kwa kuwa nyumba nzima ile ya Newala haikuwa na mtu wa kusoma Kireno.

Rosalina, aliyeiandika, alikuwa Mmakonde wa Mueda, na Kiswahili alikisema bila shida. Alikaa Newala miaka yote ya vita. Lakini kuandika alijifunza ukubwani, baada ya kurudi kwao Msumbiji ilipopata uhuru 1975, kwenye madarasa ya watu wazima, na huko kilichofundishwa ni Kireno. Mdomo ulikuwa na lugha mbili, mkono ulikuwa na ya tatu. Alifariki kabla hajaandika barua ya pili.

Binti yake Anastazia hakuitafuta barua kwa sababu ya mama. Aliitafuta kwa sababu ya shamba. Mjomba wa Rosalina, kaka yake bibi, alikufa akaacha mikorosho mia moja na kumi upande wa bondeni, na watoto wa mke wake wa mwisho wakasema Anastazia ni mtoto wa mkimbizi, alilelewa tu, ukoo hana. Barua ilimtaja yule mzee kwa jina, na Rosalina alimwita "mjomba wangu". Karani wa mahakama ya mwanzo akamwambia: lete barua, lete na tafsiri ya Kiswahili iliyogongwa muhuri.

Ndipo akapanda basi la alfajiri hadi Mtwara mjini, kwa Mwalimu Chilumba.

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na minane na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Kazi zake nyingi zilikuwa vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, na karatasi za magari yaliyovuka mto. Barua alizipenda zaidi ingawa zililipa kidogo. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alisoma yote bila kalamu. Pili alitafsiri kwa penseli, akiruka mstari mmoja kila baada ya mmoja ili apate pa kusahihishia. Tatu alifunika tafsiri, akasoma tena asili kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikitembea. Pasiposomeka aliandika kwenye mabano kwamba hapasomeki, hakubahatisha. Palipofutwa aliandika kwamba pamefutwa, na kama lililofutwa linaonekana, alilitaja. Muhuri, dole gumba, doa la chai lililomeza herufi, vyote viliingia. Mteja akilalamika kwamba mabano yanachafua karatasi, Mwalimu alimjibu kwamba hakimu hana macho ya Kireno, macho yake ni hayo mabano.

Alitoza shilingi elfu kumi na tano kwa ukurasa. Anastazia alilipa elfu thelathini, akarudi Newala na bahasha.

Aliisoma usiku, taa ya sola ikiwa imeinamishwa mezani.

"Niliacha sufuria kubwa kwa dada. Niliacha jembe nyuma ya nyumba, pale kwenye mpapai. Niliacha mbuzi [wawili, limefutwa] watatu kwa mjomba wangu. Nilikuacha kwa bibi yako, nawe una homa, kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Watoto wengine walipakatwa."

Akasoma mara ya pili. Mama alikuwa mtu wa orodha, kumbe. Sufuria, jembe, mbuzi, mtoto. Hakulia, alijisikia tu kama kitu kilichohesabiwa.

Kwa kazi yake, Anastazia alikuwa mpimaji wa korosho ghalani. Mzigo ukiingia, hutoa sampuli kwenye magunia ya juu, ya kati na ya chini, maana mjanja huweka nzuri juu. Huchanganya, hupima kilo moja, huhesabu punje, halafu hukata moja moja nusu kwa nusu na kuzitenga: nzima, zenye madoa, zilizosinyaa, zilizooza. Shida haiko kwenye zilizooza, hizo zinajitangaza. Shida ni ile yenye kidoa pembeni, mwenye mzigo amesimama mbele yako na watoto wana ada. Zihurumie tano tu kwenye sampuli ya kilo, na hesabu ya kila gunia la kilo themanini inaondoka nayo.

Basi mikono yake haikuzoea kuweka kitu mezani bila kukihesabu. Akaitandaza barua pembeni ya tafsiri. Kireno hakukijua, lakini herufi ni hizi hizi. Kwenye tafsiri "acha" ilikuwa mara nne. Kwenye barua akalitafuta neno linalojirudia, akalipata upesi kwa sababu ya ile x katikati: *deixei*, kwa sufuria. *Deixei*, kwa jembe. *Deixei*, kwa mbuzi. Ya nne haikuwapo.

Mstari wa kumi na moja, pale ambapo yeye ndiye alitajwa, palikuwa na neno lililokatwa kwa mistari miwili, na juu yake, kwa herufi ndogo zilizobanwa, neno lingine refu: *abandonei*. Mbele ya alama ya kukata kulibaki kimkia *-te*, ambacho mwandishi hakukigusa; kilitumika kwa yote mawili.

Akaisogeza karatasi mbele ya taa, mwanga upite nyuma yake. Chini ya ile mistari miwili x ilionekana wazi.

Tena kuna mabano. Mbuzi wawili waliofutwa wakawa watatu, Mwalimu amewaandika. Hapa hakuna mabano.

Ijumaa alikuwa Mtwara tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Imekubaliwa?"

"Bado sijaipeleka." Akaweka karatasi zote mbili mezani, kidole kwenye mstari wa kumi na moja. "Hili neno ni gani?"

Mwalimu alivaa miwani, ingawa hakuihitaji kujua anachoulizwa. Akanyamaza kidogo.

"Kuacha," alisema.

"Na hili la chini, lililokatwa?"

Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa anapatana bei ya kitenge.

"Hilo ndilo kuacha," Mwalimu akasema. "La juu lina uzito zaidi."

"Uzito gani?"

"Mtu akiacha ufunguo kwa jirani, ni hili la chini. Mtu akiacha mke asirudi, akiacha mtoto njiani..." Akavua miwani. "Kutelekeza. Ndilo neno lake. Nilikutelekeza."

Anastazia hakusema kitu, kwa hiyo Mwalimu akaendelea, haraka zaidi sasa. Alisema kamusi inaruhusu. Ukilifungua neno lile utakuta na kuacha humo humo. Alisema amefikiria kesi: wale watoto wa mzee wakilisikia watasimama waseme, mama yake mwenyewe amekiri alimtupa, sasa anadai nini kwa upande wa mama? Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hakuona sababu ya mtu kusafiri kutoka Newala ili auziwe neno kama lile kwa elfu thelathini.

"Kwenye mbuzi uliandika limefutwa," Anastazia alisema.

"Niliandika."

"Yeye aliandika la kwako kwanza, Mwalimu. Hili la chini. Akalisoma, akalikataa, akatafuta lingine. Huenda aliuliza mwalimu wake darasani linaandikwaje, maana tazama, amelipata bila kosa, na *sufuria* hapo juu uliniambia amekosea herufi. Wewe umemrudisha kwenye lile alilolikataa."

Mwalimu aliichukua barua akaigeuza. Upande wa nyuma, mahali pa mstari ule, wino haukupenya, lakini kalamu ilikuwa imetoa tuta. Alipitisha kidole gumba juu yake, akarudi, akapitisha tena.

"Sikuigeuza," alisema. "Nilifanyia kazi kwenye nakala ya kivuli. Kwenye kivuli pale ni doa tu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki akishabanwa: "Lakini doa nililiona."

Tafsiri iliyogongwa muhuri haifutwi wala kurekebishwa kwa kalamu. Hakimu akiona mkwaruzo anaweza kuikataa yote. Ilibidi ukurasa wa kwanza uchapwe upya mzima, uwekewe tarehe mpya, na ule wa zamani ukatwe kwa mistari miwili kona hadi kona na kuandikwa kwamba umebatilishwa. Steshenari ya jirani ilikuwa haina umeme, wakasubiri saa moja na nusu. Mwalimu aliagiza chai. Hakuna aliyegusia shamba.

Karatasi ilipotoka ilisomeka hivi:

"Niliacha mbuzi [wawili, limefutwa] watatu kwa mjomba wangu. [Nilikuacha, limefutwa] Nilikutelekeza kwa bibi yako, nawe una homa, kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Watoto wengine walipakatwa."

Mwalimu aligonga muhuri, akapuliza wino, akaikataa noti ya elfu kumi na tano. Anastazia akaiacha chini ya kikombe.

Shauri liliitwa wiki mbili baadaye. Wale ndugu walikaa benchi la kulia, wanne, na shangazi yao mmoja aliyekuja na kiti chake. Hakimu alikuwa kijana, mpole, mwenye sauti iliyozoea kusikika bila kupandishwa. Alisoma tafsiri mwenyewe mbele ya wazee wa baraza. Sufuria ikapita. Jembe likapita. Kwa mbuzi alisita kwenye mabano, akayasoma yote. Kisha macho yake yakatangulia mstari mmoja mbele ya mdomo, akamtazama Anastazia, na neno lile akalisema kwa chini, likamezwa na benchi lililokuwa linalia.

Anastazia alisimama.

"Mheshimiwa, samahani. Hapo sikusikia."

"Niendelee tu, mama. Nimelisoma."

"Naomba ulirudie."

Shangazi wa upande wa pili aliinua kichwa. Hakimu akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena, kuanzia kwenye mabano, kwa sauti ya kufika mlangoni.